Walimwambia Mume Wake

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa ambao ukoo mzima ulikuwa unaujua, isipokuwa yeye. Sitaanza kwa upole, wanisamehe. Walioamua asiambiwe bado wanakula na kunywa, bado wanawekewa viti vya mbele kwenye matanga ya wengine, na mmoja wao, tonton wangu mkubwa, kaka yake mama, akinikuta njiani anajifanya kuangalia paa za nyumba.

Ilikuwa hivi. Mama alienda kwenye kituo cha afya karibu na kwetu Mangobo kwa sababu ya kichwa, tonton akimsindikiza. Munganga, yaani muuguzi, akamfunga mkanda mkononi, akaangalia kipimo. Kisha akamwambia, "Mama, kaa kidogo pale inje kwenye barza." Mama akaenda kukaa. Munganga akamwita tonton ndani, akafunga mlango. Habari ya shinikizo la damu, ile sisi tunaiita tension, ikasemwa ndani, na mwenye damu yuko nje anafukuza nzi. Ndiyo desturi yetu. Habari nzito haipewi mgonjwa, inapewa mkubwa wa familia, naye ndiye anaamua ifike wapi. Tonton akaamua isifike popote. "Moyo wake ni mwepesi," alisema. "Akisikia tension, hofu itamuua kabla ya ugonjwa." Dawa zikanunuliwa, zikapewa jina lingine: vitamini ya damu.

Mama akazimeza vizuri. Kichwa kikapona, akapata nguvu, akaanza kuimba tena akikanda unga. Na mtu akipata nguvu, vitamini za nini? Dada yake mdogo alikuwa ametoka kuzaa, amepauka kama karatasi. Mama akampelekea zile vitamini zote zilizobaki. "Yeye ndiye anahitaji damu," alisema. Bahati dada yake hakuzimeza, zilikuwa chungu mdomoni. Asubuhi moja, akikaanga mikate pale kando ya barabara, mama alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Hakusimama tena. Hospitalini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, sauti hakuna, ila jicho moja lilikuwa zima kabisa, na lile jicho lilikuwa linatoka kwangu linaenda kwa tonton, linarudi kwangu. Lilikuwa linauliza. Wakati ule hata mimi sikujua jibu. Nilikuja kuambiwa kwenye matanga, na shangazi mmoja, mdomo umejaa chikwangue, ule mkate wa muhogo.

Tangu hapo harufu ya mafuta ya mikate ikinipata popote, nageuka. Nageuka kila mara.

Kwa hiyo waliposema wanatafuta vijana wenye diploma ya sekondari kwa uchunguzi wa afya wa nchi nzima, mimi nilijiandikisha kwa hasira. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Nikamwachia mdogo wangu. Tulifundishwa kwenye ukumbi wa parokia, feni moja juu, jasho kwa wote. Kazi yenyewe ni kupita nyumba zilizochaguliwa kwa kura, kuuliza watu kuhusu chumvi, pombe, tumbaku, magonjwa, halafu kuwapima damu inavyosukuma. Kutoka hapo wakubwa watajua, katika watu wenye tension, ni wangapi wanajua kwamba wanayo, ni wangapi wanameza dawa, na ni wangapi dawa imewashusha chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Kujua, kutibiwa, kutulia. Mkufunzi alichora ngazi ubaoni, watu wanapungua kila kipandio.

"Na mwenye tension ni nani?" akatuuliza.

Tukajibu kama alivyotufundisha: ni yule ambaye kipimo chake kimefika mia moja arobaini juu au tisini chini, au yule anayemeza dawa ya tension sasa, hata kama kipimo chake ni kizuri.

"Na anayejua ni nani?"

"Aliyeambiwa na daktari au munganga."

Nikainua mkono. "Na kama munganga alimwambia mume wake?"

Watu wakacheka. Mkufunzi hakucheka, alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa amechoka. "Mama, swali linasema WEWE. Umeshaambiwa WEWE. Usome jinsi lilivyoandikwa, uandike jinsi alivyojibu. Ukianza kutengeneza majibu, hatutakuwa na uchunguzi, tutakuwa na hadithi."

Alikuwa na haki. Ndiyo sababu niliumia.

Lubunga, tulikopangiwa kazi, iko ng'ambo ya mto. Tunavuka kwa pirogue, ule mtumbwi, asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maji, unasikia pagaye, makasia ya wengine, bila kuwaona. Mimi nilikuwa nakaa katikati na mkoba wa vipimo kwenye mapaja, na kila asubuhi nilikuwa na hisia kwamba kuna mtu mwingine amekaa nyuma yangu, amenyamaza. Sikugeuka. Pirogue hairuhusu mtu kugeuka-geuka.

Nyumba ninayotaka kuisema ilikuwa ya fundi wa baiskeli. Mbele ya nyumba baiskeli za toleka zimelala miguu juu, zile zinazobeba abiria mjini, na yeye mwenyewe mzee mwembamba, mikono imeiva grisi. Alinipokea vizuri. Akaleta kiti, akakipangusa kwa shati lake. Nikamweleza kazi, nikaandika majina ya watu wazima wa nyumba ndani ya tableti, ile mashine tuliyopewa, kama simu kubwa. Walikuwa yeye, mke wake na shemeji mmoja. Kisha mashine yenyewe inachagua mmoja, na huwezi kubadilisha.

Ikamchagua mke.

"Hapana," mzee akasema. "Bon, andika mimi. Mimi ndiye chef wa nyumba."

"Papa, mashine haijui chef."

"Basi, donc haina adabu."

"Haina, papa. Hata kwa gavana haiwezi kuwa nayo."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Akanivuta kando hadi kwenye rundo la matairi ya zamani, akainama sikioni. "Binti, unisikilize. Mama wa hapa iko na tension. Yeye hajui. Munganga aliniambia mimi. Dawa anameza kila asubuhi na chai, namuambia ni vitamini. Sasa wewe umuulize mambo ya chumvi, mambo ya matunda, lakini ile neno usitaje mbele yake. Moyo wake ni mwepesi."

Moyo wake ni mwepesi. Maneno yaleyale. Nilisikia mafuta yanachemka mahali fulani nyuma ya nyumba. Hakuna mtu aliyekuwa anakaanga kitu. Nilienda baadaye kuhakikisha, jiko lilikuwa baridi.

Nikasema, "Papa, utatuacha peke yetu. Ndiyo sheria ya kazi."

Mke alitoka ndani, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, amefunga pagne mpya, kitenge cha maua. Anauza mawese. Alikuwa anafunga mizigo: chumvi, sabuni, sukari, nguo za mtoto mchanga. Kesho asubuhi anapanda baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, kushuka Yanonge kwa mdogo wake aliyezaa mapacha.

"Utakaa sana, mama?"

"Hadi mapacha washike shingo. Halafu hadi waanze kukaa. Halafu nitaona." Akaangalia upande wa mume, akapaza sauti. "Na huyu mwanaume ajifunze kupika!"

"Nitakula kwa jirani!" mume akajibu kutoka kwenye baiskeli zake.

"Jirani atakulisha mara mbili, mara ya tatu atakuletea bili!"

Nilimpenda palepale, na kumpenda kukaniogopesha. Hivi ndivyo mama yangu alivyokuwa anaongea, akitupa maneno juu ya vichwa vya watu.

Tukaingia ndani, pazia likashushwa. Nikauliza, nikaandika. Ulaji, pombe, kazi za nguvu. Nikafika pale.

"Mama, umeshapimwa tension na daktari au munganga?"

"Ndiyo. Pale dispensaire, kwenye zahanati, wakati wa kizunguzungu. Walinifunga ile kitu mkononi."

"Umeshaambiwa na daktari au munganga kwamba uko na tension ya juu?"

Alicheka. "Mimi? Hapana. Waliniambia nikae inje kidogo ningoje, papa akabaki kulipa. Alitoka na vitamini, tukarudi nyumbani. Ilikuwa damu kidogo."

Nikae inje kidogo. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Nyuma ya mama huyu, kwenye kona ambako pazia linagusa ukuta, palikuwa na kivuli cha mtu aliyekaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kwenye barza ya kituo cha afya. Najua ilikuwa gunia la makaa. Najua. Nikaandika: Hapana.

Na mashine, ikiona hapana, inaruka. Inaruka swali la kama umemeza dawa ya tension katika wiki mbili zilizopita, inaruka mashauri ya munganga, inaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wa sukari. Kwa sababu asiyejua hawezi kuwa na dawa. Hivyo ndivyo walivyofikiri waliotengeneza swali, na katika nchi yenye akili wana haki.

Alishakaa kimya dakika kumi na tano kama inavyotakiwa, miguu chini, haijapishana, ameshaenda chooni, mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja kikiangalia juu. Nikachagua mkanda mkubwa kwa sababu mkono wake ni mnene. Mkanda mdogo unadanganya, unapandisha. Nikamfunga. Mashine ikavimba, ikaanza kutoa pumzi polepole. Ile sauti ya pumzi inayotoka siipendi. Niliisikia kitandani kwa mama. Mara ya kwanza. Dakika tatu za kungoja. Mara ya pili. Dakika tatu. Mara ya tatu. Ya kwanza haihesabiwi sana, mtu bado ana wasiwasi wa mgeni. Wakubwa wanachukua wastani wa mbili za mwisho.

Mbili za mwisho: mia moja ishirini na sita kwa themanini na moja; mia moja ishirini na nne kwa themanini.

Nzuri kabisa. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake bila jina. Lakini nikafanya hesabu kichwani, ile ngazi ya ubaoni. Kipimo hakijafika mia moja arobaini. Dawa haikuandikwa. Basi, kwa uchunguzi, mama huyu hana tension. Si kwamba hajui. Si kwamba hatibiwi. Hayuko kwenye ngazi kabisa, hata kipandio cha chini. Anahesabiwa pamoja na wazima. Na mama yangu, kama mtu angepita kwetu kipindi kile alipokuwa anaimba akikanda unga, angeandikwa vilevile. Mzima. Ningeweza kuwa mimi mwenyewe ninayemwandika, na sheria zote zimefuatwa.

Kwa utaratibu, mtu anapewa karatasi yenye vipimo vyake. Nikaandika, nikampa. Akaisoma kwa sauti, akaruka, nyumba ikatikisika.

"Papa! Kuja uone! Damu yangu ni ya mutoto!"

Mume akaingia akifuta mikono, akasoma, nikaona mabega yake yanashuka kwa furaha. Kwake yeye karatasi ile ilikuwa ushahidi kwamba siri yake ni dawa nzuri.

"Unaona?" mke akasema. "Na zile vitamini sitabeba. Nimeshampa mama jirani chupa yote, yeye ndiye anazunguka kichwa. Kule Yanonge kuna samaki. Samaki ni vitamini."

Mzee akabaki na kitambaa cha grisi mkononi. Akasema, "Lakini... beba tu kidogo."

"Za nini? Karatasi si hii? Binti wa serikali ameandika!"

Nilitoka nje. Sikuaga, nilitoka, nikakaa kwenye kiti alichonipangusia mzee. Maziwa yalikuwa yamejaa kifuani, yananichoma. Ng'ambo mtoto wangu alikuwa ananingoja. Nilipiga simu kwa mkubwa wa timu yetu, munganga mwanaume wa miaka mingi, sisi tunamwita papa chef. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Umeandika alivyojibu?"

"Nimeandika."

"Vizuri. Hapo kazi imeisha."

"Papa chef, haijaisha! Nimempa karatasi, na karatasi yangu ndiyo inayomfanya akatae dawa! Anaondoka kesho!"

Nilisikia jogoo upande wake wa simu. "Wewe hukumpima wakati alipoanza ugonjwa. Huwezi kumwambia ana ugonjwa, kipimo chako kinasema hapana, na siri ya dispensaire si yako. Anayejua ni mume. Aseme mume." Kisha akashusha sauti. "Lakini hakuna sheria inayokukataza kukaa hapo hadi aseme. Ninakuja. Usipayuke."

Usipayuke. Ananijua.

Mzee alinifuata nje, akachuchumaa kando ya gurudumu, akaanza kulizungusha bila sababu. "Asante kwa kutosema," akaniambia.

Hapo nikapayuka, lakini kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. "Papa, usinishukuru. Mama yangu naye moyo wake ulikuwa mwepesi. Tonton yangu alimpa vitamini kama wewe. Alikuwa anampenda kama wewe. Mama akapata nguvu, akazigawa kama huyu alivyozigawa. Unataka nikueleze jinsi mdomo unavyokuwa? Unaenda upande. Mate yanatoka. Jicho moja linakuangalia, linauliza, na wewe huna cha kulijibu kwa sababu umechelewa."

"Hofu ingemuua."

"Mama yangu hakuwa na hofu hata siku moja. Aliuawa na nini?"

Gurudumu liliendelea kuzunguka, likapunguza, likasimama. Mzee alikuwa na machozi, na mimi, niseme ukweli, sikumhurumia. Nilitaka tonton awe amechuchumaa pale mbele yangu. Kwa dakika ile alikuwa ni yeye.

"Nitaanzaje?" akauliza.

"Anza na pale dispensaire. Alipotumwa inje."

Mzee alisema vibaya. Alisimama mlangoni, akazungukia hali ya hewa, akazungukia safari, akasema samaki wa Yanonge ni wazuri, mke wake akamkatiza, "Uko mulevi?", na ndipo neno likamtoka lote pamoja, kama gunia linalopasuka: tension, munganga, si vitamini, nisamehe.

Nilingoja kilio. Nilingoja aanguke, kwa sababu hata mimi, na hasira yangu yote, nilikuwa nimelelewa na desturi ile, na kipande kidogo ndani yangu kilikuwa kinaamini kwamba neno linaua. Nilisimama karibu na mlango nikiwa tayari kumdaka. Na yule wa kivuli kwenye kona naye alikuwa amesimama, nilimhisi.

Mama yule hakuanguka. Alikaa kwenye kitanda polepole, kama mtu anayetafuta sarafu, nami nikanyoosha mikono kumdaka. Lakini alikuwa anavua tu viatu vyake vya safari, kimoja, halafu kingine.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna..."

"Nani mwingine!"

"Dada yako. Shemeji. Pasteur wa kanisa."

"Na mama jirani?"

Mzee akaangalia chini. "Na mama jirani."

"Ee!" Alipiga makofi mara moja. "Nimempa dawa yangu akanishukuru! Akainama! Akaniambia Mungu akubariki, na anajua!" Kisha akageuka kwangu, na ule uso sikuwa nimejiandaa nao. "Na wewe, binti. Umenipima, umeniandikia karatasi. Ulikuwa unajua?"

"Aliniambia pale kwenye matairi kabla sijaanza, mama."

"Donc na wewe." Akatikisa kichwa. "Mutu anatoka ng'ambo ya mto, hajanywa hata maji yangu, anajua damu yangu kunipita. Mimi ndiye mgeni katika mwili huu."

Nikamwambia habari ya mama yangu. Si kumtisha, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa kilicho changu. Alisikiliza hadi mwisho, hata kuhusu jicho. Hakusema pole. Alisimama, akatoka bila viatu, na tukasikia sauti yake kwa jirani, "Leta hapa! Leta chupa! Haikuwa zawadi, ilikuwa maisha yangu!", na mama jirani anajitetea, na kuku wanakimbia.

Papa chef alifika akiwa na tope hadi magotini. Alikaa naye kama munganga anavyopaswa kukaa, wawili uso kwa uso, na mume nje. Akasoma kilichoandikwa kwenye chupa, akamweleza: tension haimalizwi na dawa, inashikwa tu, kipimo kuwa kizuri leo maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba kazi imekwisha, usiache bila kuongea na munganga, kule Yanonge kuna kituo cha afya, upimwe, na zikikaribia kuisha utafute nyingine kabla. Mama aliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumhoji. Chumvi. Mawese. Kama mwanaume mwongo anapandisha tension.

"Kidogo," papa chef akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Kisha mama yule akaniita. "Fungua mashine yako. Niulize tena lile swali. Sasa nimeambiwa na munganga, huyu hapa."

Niliangalia papa chef. Alitikisa kichwa polepole.

"Mama, siwezi. Swali ni la kabla sisi hatujafika. Kabla ya leo hukuambiwa. Hapana ni ukweli."

"Donc kwa serikali mimi mzima."

"Kwa serikali, ndiyo."

"Asubuhi serikali ilijua kuliko mimi, sasa mimi najua kuliko serikali." Akaona ni kichekesho. Mimi sikuona.

Chini kabisa ya fomu ile ndani ya mashine pana nafasi ya maoni ya mhojaji. Niliandika yote hapo: anameza dawa ya tension bila kujua, mume ndiye aliyeambiwa. Papa chef akasoma, akaniambia wazi kwamba maoni hayaingii kwenye asilimia, hayapandi ngazi. Lakini atayasema kwenye mkutano wa wasimamizi, na atauliza timu nyingine kama wamekutana na wengine. Aliuliza kweli. Wengine walikuwepo. Hakuna aliyeweza kusema wangapi, kwa sababu waliowaona ni wale tu ambao mtu wa nyumbani alinong'ona mlangoni. Wasionong'oniwa wako wapi? Wako pamoja na wazima. Wamekaa kwenye barza, magoti pamoja, wanangoja kuitwa.

Tangu siku ile, mtu akinijibu hapana na kipimo chake kikawa kizuri, macho yangu yanaenda yenyewe kwenye rafu, juu ya redio, kwenye kikombe cha miswaki. Natafuta chupa. Sheria hainiruhusu kuuliza. Inaniruhusu kuangalia. Na nikigeuza macho, kwenye kona ya kila nyumba, kila nyumba, yuko yule mmoja anayengoja. Siku hizi simwogopi. Nakasirika tu kwamba amechoka na bado hakuna aliyemwambia aingie.

Kesho yake asubuhi nilifika beach, ile bandari ndogo ya mtoni, kabla ya pirogue yetu. Baleinière ya Yanonge ilikuwa inapakia, injini inakohoa moshi, ukungu umeshuka hadi kwenye vichwa vya watu. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amekaa juu ya mizigo yake kama malkia, na mume amesimama kwenye tope na sufuria ya chakula cha njiani, ameinua mikono miwili, naye hampokei. Alimwacha asimame hivyo muda mrefu. Mwishowe aliipokea sufuria, lakini mkono hakumpa.

Akaniona. "Mama ya mashine! Kuja!"

Nikasogea hadi maji yakaingia viatuni. Alifungua ncha ya pagne kiunoni, akanionyesha chupa ndani ya fundo, akalifunga tena kwa meno.

"Nimemeza ya leo," alisema. "Nimemeza na jina lake." Injini ikanguruma, akainama zaidi ili nimsikie. "Ule mama yako. Aliitwa nani? Nitamuombea kule kwa mapacha. Siwezi kumuombea mutu bila jina."

Nilimwambia jina. Sikuwa nimelitamka tangu matanga. Mashua ikaachia ukingo, ikaingia ukunguni, na yeye akaliita mara moja kwa sauti yake ya sokoni, juu ya injini, kama anavyoitwa mtu aliyeachwa nje, aingie.